Kuweka >= hakurudishi mistari iliyochelewa kuonekana

Wiki hii kijana mmoja wa biro jirani, hapa Lubumbashi, ameniandikia: "Yaya, nimeona kosa lako. Umetumia `>`, weka `>=` na hakuna mstari utakaopotea tena." Ni mtu wa tatu mwaka huu kunipa dawa hiyo hiyo, na safari hii nimeamua kujibu kwa urefu, kwa sababu watu wanaoiamini wanapeleka hesabu pungufu kwa wakubwa wao bila kujua.

Swali lenyewe sote tunalijua:

```sql
SELECT * FROM mauzo
WHERE imebadilishwa > :alama;
```

Unachukua mistari iliyobadilika tangu safari iliyopita, unaipeleka kwenye ghala la data, kisha unaandika `imebadilishwa` ya juu kabisa uliyoiona iwe alama mpya. Kwa jedwali kubwa na intaneti yetu, ni njia nzuri. Siichukii, naitumia kila siku.

Kweli, `>=` ina kazi yake. MySQL isipoambiwa vingine huhifadhi saa hadi sekunde nzima tu, basi mistari miwili ikiandikwa ndani ya sekunde moja, mmoja kabla ya kusoma kwako na mwingine baada yake, `>` itauacha wa pili. Hilo `>=` inalitibu. Lakini mistari tunayoipoteza sisi haina saa sawa na alama. Ina saa iliyo nyuma ya alama, na hapo `>=` haisaidii kitu.

Mstari unawezaje kuzaliwa ukiwa na saa ya zamani? Nilikutana na jambo hili kwenye mfumo wa depo za unga, Katuba na Ruashi, unaotumia PostgreSQL. Triga inaweka `imebadilishwa = now()` kila mstari unapoguswa. Skripti ya kuchota inapita kila dakika 10. Jioni depo inafunga hesabu: muamala mmoja unapitia mauzo yote ya siku na kuyawekea namba ya kufunga.

Jioni moja muamala huo ulianza saa 17:58:40. Ulikuwa mzito, ukamalizika kwa `COMMIT` saa 18:03:10. Katikati hapo, saa 18:00:00, skripti ilipita. Haikuona kazi ya kufunga hata kidogo, kwa sababu muamala ulikuwa haujathibitishwa. Iliona mauzo madogo ya depo nyingine, ya mwisho yakiwa ya 17:59:52, ikaweka alama 17:59:52 na kuondoka. Saa 18:10 ikarudi na kuuliza: nini kimebadilika tangu 17:59:52? Mistari 412 ya kufunga ilikuwa sasa inaonekana wazi, yote ikiwa na muhuri wa 17:58:40. Ikaachwa, na ingeachwa milele kama isingeguswa tena.

Sababu ni kwamba `now()` ya PostgreSQL haitoi saa ya sasa. Inatoa saa muamala ulipoanza, na inabaki hiyo hiyo hadi mwisho wake. Wengine wakifika hapa wanashangilia: basi tutumie `clock_timestamp()`! Hapana. Hiyo inatoa saa mstari ulipoandikwa, lakini msomaji anauona mstari baada ya `COMMIT`, ambayo huja baadaye. Umepunguza pengo, hujalifunga. Muhuri unafuata saa ya kuandika, kuonekana kunafuata saa ya kuthibitisha, na hakuna sheria inayolazimisha mpangilio wa hizo mbili ulingane.

Usiniamini kwa maneno. Fungua madirisha mawili ya `psql`. La kwanza, andika `BEGIN`, badilisha mstari mmoja, uache hivyo. La pili, badilisha mstari mwingine na usome `max(imebadilishwa)`. Sasa rudi la kwanza, andika `COMMIT`, kisha tazama saa ya mstari wako. Iko nyuma ya ile uliyokwisha kuisoma.

Kosa hili linajificha vizuri, kwa sababu mstari uliopotea ukiguswa tena kesho unapata muhuri mpya na kuingia ghalani kama kawaida. Kinachobaki ni tofauti ndogo zinazokuja na kwenda. Dalili yake ni hii: tafuta mistari ambayo chanzo na ghala havikubaliani, uipange kwa `imebadilishwa`. Ikija kwa mafungu, mistari mingi ikiwa na saa ile ile hadi mikrosekunde, umeona muamala mrefu.

Tiba ya haraka ni kurudi nyuma: chota tangu alama kutoa dakika 15, na ghalani uandike kwa ufunguo, mstari uliokwisha kuwepo usasishwe badala ya kurudiwa. Nilianza hivyo. Ilifanya kazi hadi mwisho wa mwezi, kufunga kulipochukua dakika 26. Dakika zozote utakazochagua ni dau kwamba hakuna muamala utakaozizidi.

Sasa naweka dari, yaani saa ambayo sisomi kuifikia. Kabla ya kusoma, naiuliza hifadhidata muamala mkongwe ulio wazi ulianza lini:

```sql
SELECT min(xact_start) FROM pg_stat_activity;
```

Kisha nasoma kuanzia alama, kwa `>=`, hadi chini ya dari, na dari ndiyo inakuwa alama mpya. Chochote chenye muhuri ulio chini ya dari kimekwisha kuthibitishwa au kutupwa. Jioni ile dari ingekuwa 17:58:40, na mistari 412 ingesubiri zamu yake.

Lakini kuna mitego mitatu, na yote imenikamata. Mtumiaji wa kawaida haoni `xact_start` za watumiaji wengine, anapata utupu, na `min` inaruka utupu kimya kimya. Utapata saa yako mwenyewe na kudhani una dari. Omba haki ya `pg_read_all_stats`. Pili, usifanye maswali yote mawili ndani ya muamala mmoja wa `REPEATABLE READ`, kwa sababu picha unayosoma inakuwa imepigwa kabla hujajua dari, na muamala unaofungwa katikati ya hayo utakuponyoka. Tatu, usiulize kwenye replika: haiioni miamala iliyo wazi kwenye seva kuu.

Hata hivyo bado natoa dakika moja kwenye dari. Kati ya muamala kupata saa yake na kuonekana katika `pg_stat_activity` nadhani kuna upenyo mdogo. Sijawahi kuukamata, ila dakika moja ya kuchelewa hainigharimu kitu. Na mtu akisahau kikao wazi, dari inaganda palepale. Tazama `state` ya `idle in transaction`, na uweke `idle_in_transaction_session_timeout`.

Yote haya yanadai kwamba saa inawekwa na hifadhidata yenyewe. Programu ya Kinshasa ikiandika saa ya huko bila eneo la saa, mistari yake inakuwa saa nzima nyuma ya yetu, na hakuna dari itakayoiokoa.

Mstari uliofutwa kwa `DELETE` hauna muhuri wa kusomwa kabisa, na uliorekebishwa kwa mkono wakati triga imezimwa unabaki na saa yake ya zamani. Kwa hiyo kila Jumamosi usiku nalinganisha chanzo na ghala, mwezi kwa mwezi: idadi ya funguo na jumla ya kiasi. Mwezi usiolingana nauchota wote upya, bila kuangalia saa.