Kosa la 419 lisilokwisha hata ukipakia ukurasa upya

Mwongoza watalii mmoja hapa Tanga hupokea maombi ya safari za Mapango ya Amboni kwa fomu ya mtandaoni iliyojengwa kwa Laravel. Kwenye kompyuta yake fomu ilikuwa inakwenda vizuri. Wageni walioandika kwenye simu anwani ya bangoni, inayoanza na `http://`, kila wakibonyeza kutuma walipata `419 | Page Expired`.

Ujumbe huo hupotosha. Mtu huona "expired" akaenda kurefusha muda wa sesheni, ambao kwa kawaida katika Laravel ni dakika 120. Lakini muda ukiisha kweli, kupakia ukurasa upya hutibu. Hapa haikusaidia kitu.

Kipimo changu cha kwanza ni kutazama msimbo wa ukurasa, kunakili thamani ya `_token`, kisha kupakia upya na kulinganisha. Tokeni hutunzwa ndani ya sesheni, kwa hiyo mgeni yuleyule anapaswa kuiona ileile. Ikibadilika kila mara, seva haimtambui: kila ombi linaanzishiwa sesheni mpya, na tokeni iliyokuja na fomu ni ya sesheni iliyokwisha kuachwa.

Kwa nini haimtambui? Kwa sababu kuki ya sesheni hairudi. Kwenye `.env` nilikuta hivi:

```
SESSION_SECURE_COOKIE=true
```

Agizo hilo ni sahihi. Kuki yenye alama ya `Secure` husafiri kwa HTTPS tu, na kivinjari kikiletewa kwa HTTP hukataa kuihifadhi, bila kumwambia mgeni chochote. Kwenye kompyuta mwenyewe alikuwa anaingia kwa `https://`, ndiyo maana hakuona tatizo. Kasoro ilikuwa kwenye seva, iliyoacha mlango wa HTTP wazi. Nikaufanya uelekeze kwenye HTTPS, katika mipangilio ya Nginx:

```
server {
    listen 80;
    server_name _;
    return 301 https://$host$request_uri;
}
```

Kuna wanaoshauri kuisamehe fomu ukaguzi wa tokeni. Mimi sikubali. Kuki ingebaki haihifadhiki, na mwenyewe akiingia kwa HTTP asingeweza kabisa kufungua akaunti yake.

Na ukaguzi wenyewe una kazi. Kivinjari huambatanisha kuki kulingana na tovuti inayopelekewa ombi, hivyo ukurasa wa mlaghai unaweza kutuma fomu ya kufuta safari kwa jina la mwenyewe akiwa ameingia. Asichoweza mlaghai ni kusoma tokeni iliyomo katika ukurasa wa tovuti nyingine. `SameSite=Lax` huzuia kuki kwenye maombi ya POST kutoka tovuti ya nje, lakini vikoa vidogo vya jina moja huhesabiwa tovuti moja, kwa hiyo naviacha vyote viwili.

Bango halikuhitaji kuchapwa upya. Waliokuwa wamefungua fomu kabla ya marekebisho ndio waliotakiwa kuipakia tena mara moja.