Kupauka kwa ngozi baada ya kuoga

Kupauka ni hali ya ngozi kuonekana na weupe wa kijivu, hasa kwenye miundi, magoti na viwiko, muda mfupi baada ya mtu kuoga na kujikausha. Weupe huo si uchafu. Tabaka la juu kabisa la ngozi limeundwa na chembe zilizokufa, na linapopungukiwa na maji kingo za chembe hizo hubanduka na kutawanya mwanga, jambo ambalo huonekana wazi zaidi kwenye ngozi nyeusi. Ukipitisha ukucha kwenye muundi na ukabaki mstari mweupe, ngozi imekauka.

Inashangaza kwamba maji yenyewe huchangia ukavu. Sabuni, hasa ile ya kipande yenye povu jingi, huondoa mafuta ya asili yanayozuia maji yasitoke mwilini, na maji ya moto huongeza madhara hayo. Miundi huumia zaidi kwa sababu ina tezi chache za mafuta, ilhali ngozi ya viwiko ni nene na husuguliwa kila mtu anapoegemea meza.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Dodoma mwezi Julai, wakati hewa ni kavu na upepo ni mwingi. Anaoga kwa maji ya moto, anajifuta kwa nguvu hadi ngozi inakauka kabisa, anavaa, anakunywa chai, ndipo anapopaka mafuta ya mgando. Miguu inang'aa, lakini kabla ya saa sita mchana imepauka tena, kwa kuwa mafuta hayo hayaongezi maji bali huzuia yaliyopo yasipotee, na wakati anapaka maji yalikwisha kupotea.

Anachopaswa kubadilisha ni muda. Aoge kwa maji ya uvuguvugu kwa dakika zisizozidi kumi, na sabuni aiweke kwapani, kwenye nyayo na penye uchafu tu. Ajikaushe kwa kugusisha taulo bila kusugua, kisha apake ndani ya dakika tatu hivi, ngozi ikiwa bado na unyevu. Aanze na losheni yenye glisirini, ambayo huvuta na kushika maji, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa mguu mzima, halafu juu yake apitishe mafuta ya mgando kidogo kwenye miundi na viwiko. Glisirini tupu ni nzito na hunata, kwa hiyo ni vyema kuichanganya na maji kiganjani kabla ya kuipaka.

Viwiko vilivyokuwa vigumu huhitaji krimu yenye urea ya asilimia 10, ambayo hulainisha chembe ngumu, lakini huwasha sana ikipakwa penye mpasuko. Kuvisugua kwa jiwe kila siku huvifanya vizidi kuwa vinene.

Ngozi ikiendelea kuwasha usiku, ikipasuka na kutoa maji, au viwiko vikiota magamba mazito yenye rangi ya fedha, huenda ni ukurutu au soriasisi, magonjwa ambayo hutibiwa kwa dawa anazoandika daktari wa ngozi.