"Sikuli wali": kosa ambalo hakuna aliyelifundisha

Mwezi wa nne nilikuwa Tanga kwa dada yangu. Mwanawe wa miaka miwili na miezi minane aliwekewa sahani, akaisukuma: "Sikuli wali!"

"Sema 'sili', baba."

"Sili."

"Haya, huli nini?"

"Sikuli wali!"

Dada akanigeukia: "Si ndiyo kazi yako hiyo? Mfundishe." Sikumfundisha. Kwa mwanaisimu kama mimi, kosa hilo lina utamu kuliko jibu sahihi, kwa sababu pale nyumbani hakuna mtu anayesema "sikuli". Mtoto hakulisikia, amelitunga.

Amelitungaje? Usemi wetu hauna nafasi kati ya neno na neno, kwa hiyo kazi ya kwanza ya mtoto ni kuukata. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani waliwasikilizisha watoto wa miezi minane silabi zilizofuatana bila kituo, kama "bidakupadotigolabu", kwa dakika mbili tu. Baadaye watoto walitofautisha silabi zilizokuwa zikiandamana kila mara na zile zilizokutana kwa bahati. Walikuwa wanapiga hesabu bila kujua.

Kiswahili kinampa mtoto msaada mwingine: mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Tamka "kula", "nakula", "amekula", "tutakula". Kote sauti inapanda kwenye "ku". Mtoto ana haki ya kuamini kwamba "kula" ni kipande kimoja, kama "lala". Na kwa kuwa ameshasikia "nalala" ikikanushwa "silali", anafanya vivyo hivyo: "nakula", "sikuli". Kanuni ameipata barabara, hata ile "a" ya mwisho kaigeuza "i" bila kukumbushwa.

Asichokijua bado ni kwamba mzizi wenyewe ni "l" tu, mfupi mno, na "ku" imebebwa ili mkazo upate pa kukaa. Kwenye "sili" na "ale" mkazo unaangukia "si" na "a", basi "ku" haina kazi, inaondoka. Hilo hata watu wazima wengi hawawezi kulieleza, ingawa kila siku wanalisema sawasawa.

Ndiyo maana kumrekebisha hakukusaidia. Alirudia "sili" kama anavyorudia mlio wa paka, kisha akarudi kwenye kanuni yake. Kinachoibadili ni kusikia "sili", "hali", "hatuli" mara nyingi katika mazungumzo yenye maana kwake, na hapo pia anabadilisha kitenzi kimoja kimoja.

Juzi dada alinipigia simu. Siku hizi kijana anasema "sili" bila kusita. Nikamwomba amuulize kama anataka maziwa.

"Sikunywi!" nikamsikia kwa nyuma.