"Hakina madai" si kinga: dhana potofu kuhusu mkataba wa kiwanja

Karibu kila mnunuzi anayeingia ofisini kwangu Mbeya na mkataba wa kiwanja ulioandikwa kwa Kiingereza huweka kidole kwenye kifungu ambacho muuzaji anatamka kwamba kiwanja hakina rehani, zuio wala madai ya mtu yeyote, kisha huniuliza: "Wakili, si imeandikwa hapa?" Imeandikwa, lakini hiyo ni ahadi ya muuzaji tu, na haiifungi benki ambayo rehani yake imekwisha kusajiliwa kwa Msajili wa Hati.

Chukulia kiwanja cha Uyole chenye hati kinauzwa shilingi milioni 30, huku benki ikidai milioni 18. Ukimlipa muuzaji milioni 20 siku ya kusaini naye asilipe deni, benki bado inaweza kukiuza, nawe utabaki kumdai mtu ambaye fedha amekwisha kuzitumia. Kifungu kitakusaidia mahakamani dhidi yake, ila rehani hakitaiondoa. Hali huwa mbaya zaidi kikiongezewa maneno "kwa kadiri muuzaji ajuavyo", kwa kuwa hapo utatakiwa kuthibitisha kwamba alijua.

Kwa hiyo omba upekuzi rasmi wa daftari la ardhi kwa Msajili kabla ya kutoa hata malipo ya awali. Muuzaji akionyesha nakala tu, akidai hati halisi iko kwa kaka yake Dodoma, mimi huichukulia kuwa iko benki hadi upekuzi uonyeshe vinginevyo. Rehani ikionekana, biashara haijafa: benki itoe barua ya kiasi cha deni, milioni 18 ziingie moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, waraka wa kufuta rehani usajiliwe, na milioni 12 zilizobaki zishikwe na wakili hadi siku ya ukamilishaji. Siku chache kabla ya siku hiyo upekuzi urudiwe, kwa sababu ule wa kwanza ulionyesha hali ya daftari ya wakati ule tu.

Wengine huamini kwamba kusaini ndiko kukamilisha. Kifungu cha ukamilishaji huweka siku ya baadaye, ambapo salio hutolewa kwa kupokea hati halisi, waraka wa uhamisho uliosainiwa na stakabadhi za pango la ardhi. Na hata hapo, kwa Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, miliki haihami mpaka uhamisho usajiliwe. Mkataba useme nani atafuatilia kibali cha uhamisho, nani atalipa kodi, na fedha zitarudi lini kibali kikikosekana.

Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa hauthibitishi lolote kuhusu rehani, maana daftari halitunzwi kwake. Nayo hati kuwa na jina la mume peke yake hakuondoi haja ya ridhaa ya mke, hasa kama kuna nyumba wanayoishi. Ridhaa hiyo naitaka kwa maandishi na saini yake, wala siipokei kwa simu.