Toki konveta: oili inavyounganisha injini na giaboksi

Gari la otomatiki limesimama kwenye foleni ya Mwenge. Gia iko D, mguu uko kwenye breki, na injini inaendelea kunguruma. La manyuali lingezimika hapo hapo kama dereva hajakanyaga klachi. Kinacholiokoa hili ni toki konveta, ganda la chuma la mviringo lililojaa oili, linalokaa kati ya injini na giaboksi.

Ndani yake kuna magurudumu matatu yenye mapezi. La kwanza ni pampu, ambayo imeungana na ganda lenyewe na kwa hiyo inazunguka pamoja na injini. La pili ni tabaini, iliyoshika shafti inayoingia kwenye giaboksi. Pampu inairusha oili, oili inayapiga mapezi ya tabaini, na tabaini inasukumwa bila chuma kugusa chuma. La tatu ni steta, dogo, lililo katikati. Oili ikitoka kwenye tabaini huwa inarudi kinyume na mzunguko wa pampu. Steta huigeuza ili iingie tena kwa upande unaoisaidia pampu. Msaada huo ndio unaoongeza msukumo. Steta inakaa juu ya klachi ya njia moja: haikubali kurudi nyuma, ila tabaini ikishakaribia kasi ya pampu, inaachia na kuzunguka mbele pamoja na wenzake.

Msukumo ambao pampu inaweza kuupitisha hupanda kwa mraba wa mzunguko wake. Tuchukue gari dogo ambalo konveta yake, kwa mizunguko 2,200 kwa dakika, hubeba niutoni mita 100. Kwenye silensa ya 700, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, itabeba kama 10 tu. Ndiyo maana ukiachia breki gari linatambaa taratibu, na ukiikanyaga kidogo tu linatulia.

Sasa shikilia breki kwa nguvu zote na ukanyage mafuta hadi mwisho. Resi itapanda mpaka 2,200 na kugoma hapo: injini imetoa niutoni mita 100, na pampu inazimeza zote. Hiyo ndiyo stoli. Tabaini imesimama, lakini kwa kazi ya steta shafti ya giaboksi inapata msukumo wa karibu mara mbili, yaani kama 200. Hapo ndipo gari hupata nguvu ya kuondoka. Ila kwa kuwa hakuna kinachozunguka upande wa giaboksi, kilowati zote 23 za injini zinageuka joto ndani ya oili, sawa na birika za umeme zaidi ya kumi zinazochemka kwa pamoja. Kwa hiyo kipimo cha stoli hufanywa oili ikiwa na joto la kazi, magurudumu yamewekewa vizuizi, breki zote zimeshikwa, na hakizidi sekunde 5. Baada yake gia inawekwa N kwa dakika moja au zaidi ili oili ipoe. Kulizuia gari kwenye mwinuko kwa kukanyaga mafuta badala ya breki ni kuichemsha oili vivyo hivyo, polepole.

Resi ya stoli ikizidi ile ya kitabu cha gari, mara nyingi klachi za giaboksi zinateleza au oili haina presha. Ikipungua kidogo, shaka injini. Ikipungua sana, kwa mizunguko 600 hivi, na gari ni zito kuondoka lakini likishashika kasi linaenda vizuri, klachi ya njia moja ya steta imekufa. Kufungua giaboksi nzima kabla ya kipimo hiki ni kula hela ya mteja bure.

Barabarani, ukielekea Kibaha kwa kasi moja, tabaini bado inabaki nyuma ya pampu kidogo. Kuteleza huko kunakula mafuta na kuzalisha joto. Hapo ndipo lokapu inapoingia: ni klachi iliyo ndani ya ganda, inayosukumwa na presha ya oili ili ibane tabaini na ganda vizunguke kama kitu kimoja. Kwa kawaida huanza gia za juu, injini ikiwa imeshapata moto, na huachia ukigusa breki.

Ukitaka kujua kama inafanya kazi, barabara ikiwa tupu nenda kilomita 80 kwa saa bila kubadilisha mguu wa mafuta, kisha gusa breki kwa mguu wa kushoto kidogo sana, taa za nyuma ziwake tu. Resi ikiruka kwa mia mbili tatu kisha ikarudi, lokapu ipo. Isiporuka, huenda haishiki kabisa, na mashine ya kupimia huweza kuonyesha kodi ya hitilafu P0741. Gari likitetemeka kama linapita juu ya matuta madogo wakati lokapu inashika, anza na oili: imechakaa, au si ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu. Lokapu ikikataa kuachia, utaijua kwenye taa za barabarani: gari linasimama na injini inazimika, kama la manyuali ambalo dereva amesahau klachi.