Kujikinga na bei ya dola kwa mkataba wa fowadi

Kujikinga, kwa lugha ya fedha, ni kuchukua upande wa pili wa hatari ambayo tayari unayo, kwa kiasi kilekile, ili hasara ya upande mmoja ifutwe na faida ya upande wa pili.

Tuseme mfanyabiashara wa Kirumba, Mwanza, anaagiza injini za boti kutoka nje. Malipo ya awali ameshatoa, na salio la dola 60,000 atalilipa baada ya siku 90. Injini zenyewe atawauzia wenye mitumbwi wa Ukerewe na Sengerema kwa shilingi, na wengine wameshakubaliana naye bei. Leo dola ni shilingi 2,500, kwa hiyo salio ni milioni 150.

Wengi hudhani kwamba asiposaini chochote benki, basi hajajiingiza kwenye hatari yoyote. Si kweli. Deni lile la dola ndilo hatari yenyewe: dola ikipanda shilingi 100, deni linanenepa kwa milioni 6 hata kama injini haijaongezeka bei kwa muuzaji. Na shilingi yetu huyumba kweli. Katikati ya mwaka 2024 dola ilivuka shilingi 2,600, na kufikia mwisho wa mwaka huohuo ilikuwa imeshuka hadi karibu 2,400.

Mkataba wa fowadi ni makubaliano na benki: siku ya 90 itamuuzia dola 60,000 kwa bei iliyoandikwa leo. Upande mmoja anadaiwa dola 60,000, upande mwingine ana haki ya kupokea dola 60,000. Vinafutana, na kinachobaki ni kiasi cha shilingi anachokijua.

Bei hiyo haitakuwa 2,500. Benki itamwambia, kwa mfano, 2,549, naye atadhani benki inatabiri dola itapanda. Benki haitabiri chochote, inapiga hesabu ya riba. Ili iwe na uhakika wa kumpa dola siku ya 90, benki inaweza kuzinunua leo na kuziweka. Tuchukue riba ya shilingi asilimia 12 kwa mwaka na ya dola asilimia 4. Shilingi 2,500 zilizotumika kununua dola zingezaa takriban shilingi 74 kwa siku 90. Dola iliyowekwa itazaa kitu cha shilingi 25 hivi. Pengo ni shilingi 49, na hilo ndilo linaloongezwa juu ya bei ya leo, kisha benki huweka faida yake kidogo, ambayo katika mfano huu tumeiacha. Ukijua hesabu hii unaweza kuona kama bei uliyopewa ni ya haki au umepigwa.

Kwa 2,549, salio linakuwa shilingi 152,940,000. Siku ya malipo dola ikiwa 2,650, jirani yake asiye na mkataba atatoa milioni 159. Ikiwa 2,400, jirani atatoa milioni 144, na mwenye mkataba bado atatoa 152,940,000. Hapo ndipo watu hulalamika kwamba fowadi imewatia hasara. Lakini injini alishazipangia bei kwa hesabu ya milioni 152.94, na faida yake ipo palepale. Alichokosa ni nafuu ya dola kushuka, na hiyo aliiuza siku aliyosaini ili aondokane na hatari ya dola kupanda.

Hasara halisi hutokea pale deni lenyewe linapotoweka. Kiwanda kikifuta oda na dola iko 2,400, mkataba haufutiki pamoja na oda. Atalazimika kununua dola 60,000 kwa 2,549 na kuziuza sokoni kwa 2,400, na shilingi 8,940,000 zitamtoka bila kitu cha kuzifidia. Aliyekuwa na pande mbili amebaki na mmoja, na hapo mkataba umegeuka kuwa kubahatisha bei. Ndivyo ilivyo pia kwa anayesaini dola 100,000 wakati deni lake ni 60,000: zile 40,000 za ziada hazina deni linalozipinga. Ndiyo maana benki nyingi huomba ankara au profoma kabla ya kusaini, na humtaka mteja aweke dhamana.

Kuchelewa ni jambo dogo zaidi, lakini ndilo la kawaida. Kiwanda kikisogeza mbele tarehe ya kulipwa kwa mwezi mmoja, siku ya 90 mfanyabiashara anaweza kuchukua dola zake na kuzitunza kwenye akaunti ya dola, kama shilingi za kuzilipia anazo mkononi. Kama hana, ataomba benki isogeze mkataba: ule wa kwanza unafungwa kwa bei ya siku hiyo, tofauti inalipwa, na mwingine wa siku 30 unafunguliwa kwa hesabu ileile ya riba. Anayejua tangu mwanzo kwamba muuzaji wake si mtu wa tarehe anaweza kuomba fowadi yenye dirisha, inayomruhusu kuchukua dola siku yoyote kati ya tarehe mbili, tuseme siku ya 80 hadi ya 110. Bei yake huwa mbaya kidogo, kwa sababu benki hupiga hesabu kwa siku inayoifaa yenyewe.