Hai-lo si maksi iliyokatwa mbele

“Fundi, likate mbele tu hili gauni la maksi, liwe hai-lo.”

Ukikata mbele tu, kwenye mishono ya ubavuni inabaki ngazi, kama gauni limechanika. Hai-lo ni gauni fupi mbele, refu nyuma, na pindo lake ni mstari mmoja uliopinda, unaoshuka taratibu hadi nyuma. Dada aliyeniletea gauni hapa Mwanjelwa, Mbeya, maksi yake ilikuwa imepanuka chini, ndiyo maana iliwezekana. Sketi ya kubana haina kitambaa cha kumwagika. Nilipima toka kiunoni: mbele sentimita 55, ubavuni 75, nyuma nikaacha 100. Nikaunganisha alama kwa chaki, mstari ukavuka mshono bila kona, ndipo nikashika mkasi. Pindo nalikunja jembamba, nusu sentimita, kwa sababu pana kwenye mviringo hujisokota.

Sasa tabia yake. Mini huonyesha paja na maksi hufunika mguu wote, umesimama au unatembea. Hai-lo hubadilika: kwa mbele ni gauni la magotini, mvaaji akigeuka ni maksi. Ukimtazama kwa mbele, upande wa ndani wa kitambaa cha nyuma huonekana. Kitenge kilichokolea rangi pande zote kinapendeza. Kitambaa kilichopauka ndani kitiliwe bitana.